Paneli ya wati 450 hutoa uniti ngapi kwa siku? Hesabu ya saa za jua kamili, hatua kwa hatua

Swali hili hunifikia karibu kila wiki: "Fundi, nimefunga paneli ya wati 450. Jua linachomoza saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni. 450 mara 12 ni 5,400, yaani uniti tano na ushei. Mbona napata moja na nusu?"

Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kosa liko kwenye ile 12. Jua la saa moja asubuhi na jua la saa sita mchana si kitu kimoja, na paneli inalijua hilo kuliko sisi. Namba inayofaa kukaa mahali pa 12 huitwa saa za jua kamili (kwa Kiingereza peak sun hours, kwa kifupi PSH), na kwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni kati ya 4 na 6 na nusu, kutegemea mahali na mwezi.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nyumba ya vyumba viwili nje kidogo ya Nairobi, yenye paneli moja ya wati 450, kontrola ya kuchaji betri ya aina ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, betri ya lithiamu na inveta ndogo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Picha ya kibandiko cha nyuma ya paneli, kile chenye Pmax, Vmp na Imp, yaani wati za juu kabisa za paneli, na volti na ampea zake inapotoa wati hizo.
- Futi ya kupimia.
- Jina la kontrola yako, na hasa kujua kama ni MPPT au PWM, ile inayounganisha paneli na betri moja kwa moja.
- Simu yenye intaneti.
- Orodha ya vitu unavyotumia na saa zake kwa siku.

Kuhusu vipimo: wati ni kasi, wati-saa ni kiasi. Wati-saa 1,000 ni uniti moja, ileile unayonunua kwa tokeni ya stima au LUKU.

Saa ya jua kamili ni nini

Paneli hupewa wati zake kiwandani chini ya taa yenye nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita mraba, huku seli zake zikiwa na joto la nyuzi 25. Kwa hiyo "wati 450" maana yake ni wati 450 pale mwanga unapofikia kiwango hicho. Saa moja ya mwanga wa kiwango hicho ndiyo saa moja ya jua kamili.

Angalia vile tunavyopima mvua. Iwe imenyesha rasharasha mchana kutwa au imemwagika yote kwa nusu saa, mwisho wa siku tunasoma milimita zilizoingia kwenye kipimo. Jua nalo huokotwa hivyohivyo: mwanga wote wa siku, hafifu na mkali, unakusanywa, kisha tunauliza ungetosha kujaza saa ngapi za wati 1,000.

Hii hapa siku moja ya kawaida ya Februari, kwa wastani wa wati kwa mita mraba wa kila saa. Namba nimeziweka kwa mfano, lakini ndivyo siku yenye jua huku kwetu inavyoonekana:

```
saa 12–1 asubuhi     80     saa 6–7 mchana     880
saa 1–2             290     saa 7–8            780
saa 2–3             500     saa 8–9            620
saa 3–4             690     saa 9–10           430
saa 4–5             830     saa 10–11          230
saa 5–6             910     saa 11–12 jioni     60
```

Jumla ni 6,300. Gawanya kwa 1,000, unapata saa 6.3 za jua kamili, ingawa jua lilikuwa angani kwa saa 12. Saa tano za kati, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, peke yake zimebeba 4,090, karibu theluthi mbili ya mavuno ya siku. Ndiyo maana kivuli cha tangi la maji saa tano kinauma kuliko kivuli cha mwembe saa kumi na moja jioni.

Nadharia inatosha hapo.

Hatua ya 1: Thibitisha wati za paneli

Soma kibandiko. Zidisha Vmp kwa Imp. Jibu linapaswa kuwa sawa au karibu sana na Pmax. Kwenye paneli yetu ya mfano, 41.3 mara 10.9 ni 450. Sawa.

Kisha toa futi upime urefu na upana, kwa sababu kibandiko huchapishwa na yeyote mwenye printa. Paneli nzuri za siku hizi hutoa takriban wati 200 hadi 220 kwa mita mraba. Yetu ni mita 2.1 kwa 1.04, yaani karibu mita mraba 2.2, wati 450 zinaingia vizuri. Lakini nimeshaletewa paneli ya mita 1.2 kwa sentimita 54 iliyoandikwa "300W". Eneo lake ni mita mraba 0.65. Hata ingekuwa imetengenezwa vizuri namna gani, haiwezi kupita sana wati 150. Ukipata hali kama hiyo, tumia namba ya futi na uachane na ya kibandiko, kisha uendelee.

Hatua ya 2: Tafuta saa za jua za mahali pako, mwezi kwa mwezi

Usiulize jirani, na usitumie ile "5" ambayo wauzaji hutamka kama vile imeandikwa kwenye mawe. Kuna ramani mbili za bure zinazotumia takwimu za setilaiti.

Ya kwanza ni Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia. Bofya mahali ulipo, utaona mistari kadhaa. Unaoutaka ni `GHI`, mwanga wote unaoangukia eneo lililolala, au `GTI opta`, unaoangukia paneli iliyoinamishwa vizuri. Hakikisha umechagua kwa siku, maana kwa mwaka utaona namba inayokaribia 2,000 na utashtuka. Usichukue `DNI`, huo ni mwanga wa moja kwa moja tu, wa mitambo inayofuata jua. Wala usichukue `PVOUT` ukaenda nayo hatua ya 4, kwa kuwa hiyo tayari imeshakatwa hasara za paneli, nawe utakata mara ya pili.

Ya pili ni PVGIS ya Tume ya Ulaya, na ndiyo ninayoipenda kwa kazi hii. Weka alama kwenye ramani, fungua `MONTHLY DATA`, weka tiki kwenye `Global horizontal irradiation`, kisha uangalie jedwali. Namba zake ni jumla ya mwezi mzima, kwa hiyo ugawanye kwa siku za mwezi huo. Ukisoma 136 kwa Julai, gawanya kwa 31, unapata 4.4.

Kizio kinachoandikwa hapo ni kilowati-saa kwa mita mraba. Watu wengi hukwama hapa wakidhani lazima wazidishe kwa ukubwa wa paneli. La. Namba hiyo kwa siku ndiyo saa za jua kamili zenyewe, kwa sababu tunapima kwa kilowati moja kwa mita mraba.

Kwa Nairobi, takwimu za setilaiti huangukia karibu na 6.5 mwezi wa Februari, 4.4 mwezi wa Julai, na wastani wa mwaka karibu 5.4. Hifadhidata mbili tofauti zaweza kupishana kwa sehemu chache za kumi. Hilo lisikunyime usingizi.

Hatua ya 3: Chagua mwezi mbaya, usichague wastani

Hapa ndipo mifumo mingi huharibikia kabla hata ya kufungwa.

Sisi tuliozoea kuishi karibu na ikweta hudhani jua ni lilelile mwaka mzima. Urefu wa mchana kweli haubadiliki sana. Kinachobadilika ni mawingu. Nairobi, Juni hadi Agosti, anga hufunikwa na wingu zito la kijivu linaloweza kukaa siku nne bila kupasuka. Mvua hakuna, lakini jua nalo hakuna. Dar es Salaam shida iko kwenye masika, Aprili na Mei. Kwa hiyo usikopi mwezi mbaya wa mtu wa mji mwingine. Angalia jedwali lako, tafuta namba ndogo kuliko zote, ichukue hiyo.

Kwa mfano wetu ni 4.4.

Hatua ya 4: Tafuta kipunguzo chako

Kati ya paneli na soketi kuna watoza ushuru kadhaa, na kila mmoja huchukua chake. Sehemu inayobaki baada ya wote kuchukua ndiyo kipunguzo.

Joto ndilo la kwanza. Kumbuka ile nyuzi 25 ya kiwandani. Juu ya mabati saa saba mchana, seli hufika nyuzi 55 bila taabu. Paneli nyingi za sasa hupoteza takriban asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi 25, kwa hiyo nyuzi 30 za ziada hula kama asilimia 10. Acha upenyo wa upana wa kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite chini.

Wengine ni vumbi, nyaya, kontrola, betri na inveta. Kwa mfumo wetu wa MPPT na lithiamu:

```
joto 0.90 × vumbi 0.95 × nyaya 0.97 × kontrola 0.96
  × betri 0.95 × inveta 0.90  =  0.68
```

Kama betri yako ni ya asidi, badala ya 0.95 weka 0.82 hivi.

Kontrola ya PWM inahitaji maelezo yake, maana ndiyo mwizi mkubwa kuliko wote na hakuna anayemshuku. PWM haibadilishi volti kuwa ampea. Huunganisha paneli na betri moja kwa moja, basi paneli hulazimika kufanya kazi kwa volti za betri. Ile paneli ya kizamani ya wati 100 yenye Vmp 18 inaposukuma betri ya volti 13, hutoa ampea 5.55 mara 13, yaani wati 72. Inavumilika. Sasa chukua paneli yetu ya 450 uifunge kwenye PWM na betri ya volti 12: ampea 10.9 mara 13 ni wati 142. Umenunua 450, unatumia 142! Na hapo kontrola haijapata hitilafu yoyote. Inafanya kazi yake kama ilivyotengenezwa. Tena soma kwanza volti za juu inazoruhusu, kwa kuwa paneli kubwa ikiwa haina mzigo hupanda karibu volti 50, na PWM nyingi za bei rahisi huungua hapo.

Kwa hiyo kipunguzo cha mfumo wa PWM na betri ya asidi, ukiwa na paneli ndogo zinazooana na betri, ni kama 0.5. Ukiwa na paneli kubwa ya volti nyingi, usihangaike na hesabu. Nunua MPPT kwanza.

Hatua ya 5: Zidisha

```
wati za paneli × saa za jua kamili × kipunguzo = wati-saa kwa siku

Julai:     450 × 4.4 × 0.68 = 1,346
Februari:  450 × 6.5 × 0.68 = 1,989
Wastani:   450 × 5.4 × 0.68 = 1,652
```

Paneli ileile, paa lilelile: uniti mbili kasoro kidogo Februari, moja na theluthi Julai.

Hatua ya 6: Weka matumizi kando yake

Nyumba yetu inatumia hivi kwa siku: friji ndogo 900 (ipime kwa kipima-stima cha soketi, usiamini kibandiko), televisheni ya wati 50 kwa saa tano 250, balbu sita za wati 7 kwa saa tano 210, ruta ya wati 10 mchana na usiku 240, na simu nne kama 60. Jumla 1,660.

Sasa rudi juu uitazame ile namba ya wastani: 1,652. Kwenye karatasi mfumo huu umekaa kama nguo iliyopimwa na fundi cherehani. Hii ndiyo hesabu niliyomfanyia mteja wangu mmoja nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nikajisifu. Februari alinipigia kunishukuru. Julai alinipigia usiku, friji imezima, anataka betri yake ibadilishwe kwa kuwa "imekufa". Betri ilikuwa nzima. Kila siku alikuwa akitoa 1,660 na kuingiza 1,346, pengo la 314, na betri ikawa inashuka kidogokidogo hadi inveta ikakata.

Ili kujua paneli inayotosha Julai, geuza hesabu:

```
1,660 ÷ (4.4 × 0.68) = wati 555
```

Nilimwongezea paneli ya pili ya aina ileile, ikawa 900. Imezidi, ndiyo, lakini 4.4 nayo ni wastani wa Julai nzima; ndani yake mna siku za 2 na siku za 6. Ziada hiyo ndiyo hujaza betri upesi wingu linapopasuka. Kuongeza betri badala ya paneli kusingemsaidia kitu. Tangi kubwa halileti maji kama mfereji ni mwembamba.

Hatua ya 7: Hakiki kwa kontrola yako

Kontrola nyingi za MPPT huonyesha uniti zilizovunwa leo. Namba hiyo husomwa kabla ya betri na inveta kukata chao, kwa hiyo ilinganishe na kipunguzo cha 0.80, wala si 0.68. Kwa paneli moja ya 450 Julai unatarajia 0.45 mara 4.4 mara 0.80, karibu uniti 1.6. Usihukumu kwa siku moja. Andika wiki mbili, chukua wastani.

Kuhusu mwinamo: nyuzi 10 hadi 15 zinatosha kwetu, hasa ili mvua ioshe vumbi. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukiwa na hiari, chagua paa linalotazama kaskazini. Ila usitarajie makubwa: Julai mwanga mwingi hutoka kwenye wingu zima, si upande mmoja.

Namba zikigoma

*Kontrola inaonyesha mavuno madogo, lakini saa nane mchana betri imejaa.* Hakuna ubovu. Betri ikijaa, kontrola hufunga mlango, na jua lililobaki halina pa kwenda. Jaribu kupiga pasi au kuchemsha maji saa sita, kama inveta yako inaweza kubeba mzigo huo, uone wati za paneli zikiruka. Zikiruka, ulikuwa na mavuno usiyoyatumia.

*Mavuno ni theluthi moja ya ulichotarajia, kila siku, hata jua likiwaka.* Angalia kama kontrola ni PWM kweli. Zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, pima kwa maltimita volti kwenye nyaya za paneli zinazoingia kontrola. Ukikuta 13 au 14, sawasawa na za betri, hiyo ni PWM. MPPT ya kweli ingekuonyesha karibu na Vmp. Kwa paneli yetu, mnamo 36 hadi 40 kukiwa na joto.

*Asubuhi iko vizuri, kisha inaanguka ghafla saa ileile kila siku.* Panda juu saa hiyohiyo. Utakuta kivuli cha nguzo, antena au tangi. Kivuli cha upana wa mkono kinaweza kuangusha sehemu nzima ya paneli, kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfuatano.

*Ilikuwa sawa mwaka jana, sasa imeshuka kama asilimia 15 hata miezi ya jua.* Osha paneli kwanza, asubuhi na mapema kabla kioo hakijapata moto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Ikikaa vilevile, shika viungio vya nyaya mchana, bila kuvifungua. Kilicho cha moto kuliko wenzake ndicho kimelegea. Zima mfumo, funika paneli kwa blanketi, ndipo ukirekebishe.

*Kontrola inaonyesha vizuri, ila nyumbani stima haitoshi.* Basi mavuno yapo na yanapotelea mbele. Washa inveta bila kitu chochote kilichochomekwa, uone inakula wati ngapi. Inayokula wati 20 peke yake, ikiachwa mchana na usiku, inameza 480 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya televisheni na balbu zote za nyumba yetu ya mfano zikiwekwa pamoja.